Mama mtu alikuwa anajua, siyo?

Mama mmoja wa makamo alikichukua kitabu changu mezani, akakigeuza, akaanza kusoma nyuma. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza nikijifanya napanga nakala. Aliyewahi kuuza kitabu chake kwa mkono anazijua sekunde hizo. Unayafuata macho ya mtu yanavyoshuka mstari kwa mstari, na unajua kabisa wapi amefika kwa sababu maneno yale umeyaandika wewe.

Alipofika chini akanitazama, akatabasamu.

"Mama mtu alikuwa anajua siku zote, siyo?"

Sikujibu. Nadhani uso wangu ulinijibia.

"Hongera, mwanangu. Inaelekea ni hadithi nzuri." Akakirudisha juu ya rundo, akazilinganisha kingo zake na za vingine kwa adabu, akaenda zake.

Kitabu kina kurasa 264. Alichokitaja kipo ukurasa wa 251.

Hilo limenikaa kifuani kwa wiki kadhaa. Lingekuwa la mtu mmoja mwenye akili kali ningelisahau, lakini niliporudi nyumbani nikakigeuza kitabu mwenyewe, nikayasoma yale maneno kama mgeni, nikaona hakuhitaji akili kali hata kidogo. Nilikuwa nimemwambia.

(Tahadhari: humu ndani nitautaja mwisho wa riwaya yangu waziwazi. Siwezi kukuonyesha tundu bila kukuonyesha maji yanapopita. Kama unataka kuisoma kwanza, niache hapa, hutaniudhi.)

## Nilichokiandika usiku

Riwaya niliiandika kwa miaka mitatu. Maneno ya jalada la nyuma niliyaandika usiku mmoja, mbunifu wa jalada akiwa ananisubiri, nikiwa nimechoka na kila mhusika niliyemuumba. Haya hapa, sijaficha hata nukta:

> Hii ni riwaya ya kusisimua inayozungumzia maisha, mapenzi, usaliti na siri nzito za familia. Salma, ambaye ni binti pekee wa Mzee Hamadi na Bi Zena, alilelewa pamoja na kaka yake Idi katika nyumba iliyojaa upendo. Idi alisafiri kwenda ng'ambo kutafuta maisha, akaandika barua kwa miaka miwili, kisha akanyamaza. Salma akamhurumia mama yake asiyejua kusoma, akaanza kutunga barua za uongo na kumsomea kila mwezi. Siku moja Idi akarudi mikono mitupu, na Salma akalazimika kumshawishi jirani yao Mwanahawa amsaidie kuficha ukweli. Lakini mambo yakaharibika pale Farouk, mchumba wa Salma, alipogundua kila kitu na kutishia kuuanika uongo huo. Kumbe Bi Zena naye alikuwa na siri yake aliyoificha kwa miaka mingi! Je, Salma atafanikiwa kuuficha uongo wake? Usikose riwaya hii yenye mafunzo mengi na mwisho utakaokuacha mdomo wazi!

Maneno 124. Majina sita ya watu. Alama tatu za mshangao na kuuliza mfululizo pale chini, kama mtu anayekuvuta shati.

Lakini ubaya wake mkubwa hauko kwenye alama.

## Tatizo lilianza na jina

Wengi wetu tunayaita maneno haya "muhtasari". Mbunifu aliniandikia hivyohivyo: "Dada, nitumie muhtasari wa nyuma." Nami nikafanya kile neno linachotaka. Nilifupisha. Nikaanza mwanzo, nikapita katikati, nikafika mwishoni, na nilipoona nimebakiza hatua moja kuutaja mwisho wenyewe nikasimama, nikajisifu kwamba nimetunza siri.

Muhtasari ni wa mhariri. Ukipeleka mswada, mhariri anataka kujua hadithi nzima na inavyokwisha, maana anataka kuona kama unajua kuifunga. Aliye mezani amekigeuza kitabu hana shida hiyo. Anatafuta kitu kimoja tu: sababu ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Kitu kilicho karibu zaidi na maneno ya nyuma ni kitendawili. Mtegaji husema kiasi cha kumfanya mwenzake aumize kichwa, kisha hunyamaza. Mimi nilitega, nikategua, halafu nikashangaa kwa nini hakuna aliyenipa mji.

## Namba pembeni

Sikujua pa kuanzia kurekebisha, kwa hiyo nilifanya kazi ya karani. Nilichapa maneno yale kwa mistari iliyoachana, nikachukua kalamu, na pembeni ya kila sentensi nikaandika ukurasa ambao msomaji angelijua jambo hilo kama angekuwa anasoma kitabu chenyewe.

Sentensi ya kwanza haikuwa na ukurasa. Haisemi jambo lolote linalotokea. Ya malezi ya Salma: ukurasa wa 5. Kunyamaza kwa Idi: wa 9. Barua za uongo: wa 12. Kurudi kwake: wa 58. Mwanahawa kuingizwa kwenye njama: wa 97. Farouk kugundua: wa 140. Siri ya Bi Zena: wa 251. Mbili za mwisho, sifuri.

Nilipoziona zile namba zikipanda kama ngazi ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kila sentensi ilikuwa inamsogeza msomaji mbele zaidi ya anapotakiwa kuwa.

Mpaka niliojiwekea ni robo ya kwanza ya kitabu. Kwangu hiyo ni ukurasa wa 66. Kinachotokea kabla ya hapo naweza kukitaja, kinachotokea baada yake sikitaji hata kikiwa kitamu namna gani. Si sheria ya mbinguni, na wapo wanaokwenda hadi theluthi. Ila ina sababu yake, na sababu niliiona kwa Farouk.

Farouk anaingia ukurasa wa 80. Kwa kurasa sitini hivi ni mtu mwema, mchangamfu, anayemletea mama mkwe uzi wa kushonea. Nilifanya kazi kubwa ili umpende. Lakini aliyesoma maneno yangu ya nyuma alishajua kwamba Farouk atatishia kuanika uongo. Kwa hiyo kila anapotabasamu, msomaji anasema moyoni, "Endelea tu, nakungoja." Kurasa sitini za mapenzi zikawa kurasa sitini za kungoja basi ambalo saa ya kufika imeandikwa ukutani.

Watu husema jambo la ukurasa wa 140 si mwisho, halidhuru. Linadhuru vyote vilivyoko kabla yake.

## Naye

Nirudi kwa yule mama, maana sikumtajia mtu mwisho. Sikuandika "Bi Zena alijua." Niliandika tu kwamba naye alikuwa na siri yake.

Ni neno moja: *naye*.

Tazama anachokifanya msomaji, na anakifanya bila kujijua. Sentensi ya nne inamwambia binti anamficha mama jambo moja. Sentensi ya saba inamwambia mama naye anaficha jambo, kwa miaka mingi. Hadithi nzima ina jambo moja tu la kufichwa. Mama angekuwa anaficha nini kingine? Hesabu inajijibu. Kila sentensi ikiwa peke yake haina hatia, lakini zikiwekwa ubavu kwa ubavu zinaropoka.

Baada ya hapo nilianza kuyaona maneno madogo ya namna hii kila mahali. *Pia. Vilevile. Kumbe. Hatimaye. Marehemu.* Rafiki yangu mmoja aliniletea maneno ya nyuma ya riwaya yake, ndani yake mna "barua za marehemu Profesa", na Profesa kwenye kitabu anakufa ukurasa wa 180. Aliyasoma mara ishirini hakuliona. Kwake mwandishi, Profesa alishakufa zamani.

Na kuna lile la "mwisho utakaokuacha mdomo wazi". Nilidhani hilo halina madhara kwa kuwa halisemi mwisho ni upi. Lina madhara kuliko yote. Ukimwambia mtu kuna mtego mbele, hatembei tena, anachungulia chini. Anasoma kurasa 264 akimshuku kila mtu, na katika riwaya yenye watu watano wa maana, akishuku wote lazima mmoja awe sahihi. Mshangao hautangazwi.

## Je, atafanikiwa?

Swali la mwisho nililipenda sana nilipoliandika. Sasa linanitia aibu kidogo.

"Je, Salma atafanikiwa kuuficha uongo wake?" Jibu ni ndiyo au hapana. Msomaji anaweza kulijibu akiwa bado amesimama, na akishajibu hana deni na wewe. Tena hana sababu ya kujali, kwa kuwa sijamwambia Salma atapoteza nini kwa upande wowote.

Kinachomshika mtu ni njia panda ambayo kila upande wake una gharama. Nilikaa nikajiuliza: ukurasa wa 63, kabla Salma hajaamua, mezani kwake kuna nini na nini? Upande mmoja, amwambie mama kwamba kwa miaka sita amekuwa akimlilia na kumchekea mtu wa karatasi. Upande wa pili, amchukue kaka yake wa kweli, anayerudi peke yake, amfundishe kuwa yule wa kwenye barua. Hapo huwezi kujibu ndiyo wala hapana. Unaumia kwanza.

Halafu angalia: hilo halikuwemo kabisa kwenye maneno yangu ya zamani. Nilitaja mambo ya kurasa 251, nikaliruka la ukurasa wa 63.

## "Nilingoja mtu auawe"

Tatizo la pili nililijua kabla ya la kwanza, ila nililichukulia kama utani. Kijana mmoja aliyenunua kitabu aliniandikia ujumbe: "Dada, nimemaliza. Kizuri, ila nilingoja mtu auawe mpaka jalada la mwisho."

Nikacheka. Nikawaonyesha watu, wakacheka.

Niliposoma maneno yangu kwa kalamu mkononi sikucheka tena. *Kusisimua. Usaliti. Siri nzito. Kutishia. Kuanika.* Msomaji wa riwaya za uhalifu akiyaona maneno hayo anajua ameitwa yeye. Alikuja, alilipa, akakaa, akakuta mwanamke anayemsomea mama yake barua kando ya cherehani. Mimi ndiye niliyempa anwani isiyo sahihi.

Na upande wa pili, msomaji niliyemwandikia, yule anayependa hadithi za ndani ya nyumba, za watu wanaopendana wakakosea, akiona "usaliti" na "kutishia" anakipita. Kitabu changu kina vichekesho vingi, na hakuna mahali nyuma pale palipokuwa na hata tabasamu. Barua za Salma zinavyozidi kukolea chumvi ndivyo kitabu kinavyochekesha: mwanzo Idi kapata kibarua, baadaye yuko melini, baadaye kaoa, baadaye mapacha. Mama anafurahi, Salma anaongeza. Ule ndio ucheshi wa kitabu na ndio msiba wake.

Maneno "maisha, mapenzi, usaliti" yangeweza kukaa nyuma ya vitabu elfu. Mapacha wa karatasi wana kitabu kimoja tu.

Nikaandika pembeni: *mapacha*. Nikapigia mstari. Nadhani kazi ilianza hapo.

## Nilipokaza mno

Haikwenda moja kwa moja, lakini. Nikiwa bado na jeraha la yule mama, niliamua kutotoa chochote. Nikakata, nikakata, nikafika hapa:

> Binti mmoja. Uongo mmoja. Nyumba iliyojaa siri. Ukweli unapobisha hodi, nani atafungua mlango?

Nilijiona nimekuwa fundi. Nikampelekea mhariri mmoja ninayemheshimu sana, kaka mtaratibu asiyepoteza maneno. Akajibu: "Hii naweza kuibandika nyuma ya kitabu chochote nilichokihariri mwaka huu. Uongo gani?"

Nikamwambia siwezi kusema, ndiyo siri ya kitabu.

"Iko ukurasa wa ngapi?"

"Wa 12."

"Basi si siri. Ni mlango."

Nilibishana naye siku mbili, nasema kweli. Mimi nilipoiandika sura ile, pale msomaji anapogundua kwamba barua aliyokuwa akiisikia inasomwa imetungwa papo hapo, kwamba karatasi mkononi mwa Salma ni tupu, nilikuwa nimejivunia mno. Ni ukurasa nilioufanyia kazi kuliko wote. Kuutaja nyuma ya kitabu nilikuona kama kumpa mtu tonge langu alile.

Lakini ukiupima kwa akili iliyotulia, hadithi haiwezi kuanza kabla ya hapo. Bila barua za uongo, kurudi kwa Idi ni kurudi kwa mtu tu. Kila kinachovuta, mapacha, njia panda, siku zinazohesabika, kimesimama juu ya uongo ule. Nikiuficha huo lazima nifiche vyote, nibaki na "nyumba iliyojaa siri".

Kwa hiyo nilikuwa nimekosea pande zote mbili. Mara ya kwanza nilitoa la ukurasa wa 251, mara ya pili nikaficha la ukurasa wa 12. Msomaji wa ukurasa wa 12 atapoteza mshtuko mmoja mdogo, nakubali, na bado unaniuma. Atakachopata badala yake ni sababu ya kufika ukurasa wa 12.

## Sarufi ya kusimama

Hapa nitajitia ualimu kidogo, mnivumilie.

Nilipolinganisha rasimu nilizokuwa nazo niligundua kwamba zile mbovu zote zilikuwa na *-ka-* nyingi. *Akaandika, akanyamaza, akamhurumia, akaanza, akarudi, akalazimika, yakaharibika.* Hiyo ndiyo *-ka-* ya masimulizi, kazi yake ni kusukuma tukio moja lifuate jingine, na ukishaipanda haina breki. Inakuteremsha hadi bondeni. Ukiona maneno yako ya nyuma yana *-ka-* zaidi ya moja au mbili, kuna uwezekano mkubwa unasimulia hadithi badala ya kuitega.

Nilichokifanya ni kutumia *hu-* kwa yale ya kawaida: kila mwezi humsomea, mama hucheka. *Hu-* ina utulivu wa kitu kilichozoeleka, mtu anasikia kabisa kwamba kitavunjika. Kisha nikavunja kwa *-me-*: imefika. Kisha nikabaki kwenye *-na-*, mambo yako njiani, na hapo hapo nikaondoka.

*Ambaye* nazo zikaondoka. "Salma, ambaye ni binti pekee wa" ni lugha ya fomu ya usajili. Wazazi walipoteza majina yao, mama akabaki mama. Mwanahawa na Farouk sikuwataja kabisa. Yakabaki majina mawili, Salma na Idi, na hata mtu aliyeshikilia kitabu kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine anaweza kuyakumbuka.

Lugha yetu inatupa pia ngao ambayo wengine hawana. *A-* haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Nilimsaidia rafiki ambaye mhalifu wake ni mwanamke, na mshangao wote uko hapo. Tuliandika "anayewaandikia vitisho yuko ndani ya nyumba hii", basi, hakuna aliyehisi tunakwepa. Ila chunga *kaka, bibi*. Neno moja la undugu likiponyoka, ngao imekwisha.

Kuhusu urefu: miongozo mingi ya Kiingereza hutaja maneno 150 hadi 200. Kwa Kiswahili usiihesabu hivyo. "Hajaandika" ni neno moja na tayari lina mtu, kitendo, wakati na ukanusho. Maneno 80 hadi 120 yanafanya kazi kubwa, na kwenye jalada yanapata hewa. Maneno yangu ya zamani, yakichanganyika na wasifu wangu ulioanzia shule ya msingi, yalimlazimu mbunifu kushusha herufi hadi pointi 8 ili msimbopau wa ISBN upate nafasi yake. Wazee walikuwa wananyoosha mkono wote kukisoma.

## Yaliyobaki

Chapa ya pili inatoka, kwa hiyo nafasi nilikuwa nayo. Baada ya rasimu kumi na moja, haya ndiyo yanayokwenda:

> Kila mwezi Salma humsomea mama yake barua za Idi, kaka yake aliyekwenda ng'ambo. Barua tamu: Idi kapata kazi melini, Idi kaoa, Idi kajaliwa mapacha. Mama hucheka, hulia, humpa Salma salamu za kumwandikia mkwe.
>
> Idi hajaandika kwa miaka sita. Barua zote ni za Salma.
>
> Leo imefika ya kweli. Mistari miwili: Idi anarudi Ijumaa.
>
> Hana meli, hana mke, hana mapacha. Na mama ameshaanza kuwashonea wajukuu nguo.
>
> Salma ana siku nne. Ama amwambie mama ukweli, ama amfundishe kaka yake maisha ambayo hajawahi kuyaishi.

Maneno 80. Hakuna linalovuka ukurasa wa 63. (Mnaojua sarufi mtasema nimeirudisha *-ka-* kwa mlango wa nyuma: kapata, kaoa. Hiyo ni ya mdomoni, ya mtu anayepasha habari mlangoni kabla hajakaa. Ndiyo sauti ya barua zenyewe, nikaiacha.)

Sentensi ya kwanza nilihakikisha inajitosheleza, kwa kuwa kitabu kikiwekwa mtandaoni simu huonyesha mistari michache tu kabla ya "soma zaidi". Ile ya zamani, simu ilikuwa inaonyesha "riwaya ya kusisimua inayozungumzia maisha, mapenzi" na hakuna zaidi.

Lililonisumbua kuliko yote ni mama. Rasimu ya nane ilikuwa na "mama asiyejua lolote". Inasikika vizuri, inaongeza uchungu, na inamzuia kabisa msomaji asikisie. Ila ni uongo. Anajua. Siku ilipofika barua ya mwisho ya kweli ya Idi, ya kumwambia mama asingoje barua tena, Salma hakuwepo. Aliyemsomea mama ni mtu mwingine, na mama aliificha chini ya godoro kwa miaka sita. Nikisema nyuma ya kitabu kwamba hajui lolote, anayesema si Salma, ni mimi. Msomaji akifika ukurasa wa 251 ana haki ya kunirudishia kitabu.

Kuficha naruhusiwa. Kudanganya nimemwachia Salma.

Kwa hiyo nikabakiza yale tu anayoyafanya mama na yanayoonekana: hucheka, hulia, anashona. Yote ni kweli. Na aliyemaliza kitabu akikigeuza tena ataona zile nguo za mapacha kwa jicho lingine, maana mama anazishona akijua hakuna mapacha.

## Watu watano

Zamani nilikuwa nawapa watu maneno ya nyuma na kuuliza, "Mnaonaje?" Wote walikuwa wanaona vizuri. Swali hilo halina faida, linaomba adabu.

Safari hii nilitafuta watu watano ambao hawajakisoma. Niliwaonyesha kwanza yale ya zamani, nikauliza mambo mawili: unadhani kitaishaje, na ukikiweka kwenye rafu utakiweka karibu na vitabu vya aina gani? Wanne wakasema mama anajua. Watatu wakakiweka pamoja na vya uhalifu.

Wiki iliyofuata nikatafuta wengine watano, kwa sababu wale wa kwanza walishaharibika, na kuwapa yale mapya. Maswali yaleyale. Rafu: wote watano wakasema hadithi za familia, na mmoja akaongeza "zile unazocheka halafu unajisikia vibaya". Huyo ningemlipa.

Mwisho: mmoja alisema Idi hatafika, atapotea njiani. Mmoja alisema Idi ataanza kuyapenda maisha ya uongo akatae kuyaacha, na nikatamani ningeliwaza mimi. Wa tatu alisema mama atagundua na kumfukuza Salma. Wa nne alisema hajui, naomba kitabu.

Wa tano, dada mwenye watoto wawili wakubwa, aliyasoma mara moja akanirudishia karatasi.

"Mama anajua."

Nikahisi miguu inaisha nguvu. Nikamwomba anionyeshe neno lililomwambia, kwa kuwa kama lipo nitalikata sasa hivi. Akaisoma tena karatasi, polepole, kidole kikifuata mistari, akatikisa kichwa.

"Hakuna neno. Mimi mwenyewe ni mama."

"Kwa hiyo huhitaji kukisoma."

"Nitakisoma," akasema. "Nataka kujua kwa nini alinyamaza."

Nikamtumia mbunifu faili usiku uleule.